Mstari Uliovuka Mipaka: Majibu kwa Utabiri wa Mbio za Mwaka 2156

Mwishoni mwa Septemba 2004, wiki chache baada ya Olimpiki ya Athene, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha makala fupi ya Andrew Tatem na wenzake watatu. Walichukua muda wa mshindi wa mbio za mita 100 katika kila Olimpiki, wakapitisha mstari mmoja ulionyooka katikati ya nukta za wanaume na mwingine katikati ya nukta za wanawake, kisha wakairefusha mistari hiyo kwenda mbele. Wa wanawake ulikuwa unashuka kwa kasi zaidi, kwa hiyo lazima mahali fulani ikutane. Ikakutana mwaka 2156. Katika Olimpiki ya mwaka huo, walisema, mwanamke atakimbia kwa sekunde 8.079 na mwanamume kwa 8.098, na kwa mara ya kwanza bingwa wa wanawake atakuwa na kasi kuliko bingwa wa wanaume.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na hadi leo bado wapo wanaoitaja kama jambo lililothibitishwa na hesabu. Sina ugomvi na wazo kwamba wanawake wanaweza kukimbia kwa kasi zaidi ya leo. Ugomvi wangu ni na mstari. Data za wanawake zinaanza 1928 na kuishia 2004, yaani miaka 76. Kutoka 2004 hadi 2156 ni miaka 152. Waliurefusha mstari kwa umbali ulio mara mbili ya urefu wote wa data walizokuwa nazo. Utetezi wa kufanya hivyo husikika tena na tena, na si katika riadha tu, kwa hiyo nitaujibu dai moja baada ya jingine.

"Mstari unaendana na data vizuri"

Unaendana, hilo ni kweli. Kipimo kinachoitwa R² kilikuwa 0.789 kwa wanawake na 0.882 kwa wanaume. Maana yake, kwa upande wa wanawake, karibu asilimia 79 ya tofauti zilizopo kati ya nyakati za washindi zinaweza kuelezwa kwa kujua mwaka peke yake. Kwa data za aina hii si haba.

Lakini tuangalie kipimo hicho kinahesabiwa kutokana na nini. Kinatokana na umbali kati ya mstari na nukta zilizopo, kuanzia sekunde 12.2 za Betty Robinson pale Amsterdam mwaka 1928 hadi 10.93 za Yuliya Nesterenko pale Athene. Hakuna nukta hata moja ya baada ya 2004 iliyoingia kwenye hesabu hiyo. R² ikiwa kubwa, inatueleza kwamba mstari umepita vizuri mahali ambapo nukta zipo. Mahali ambapo hazipo, haina la kusema.

Njia rahisi ya kuliona hilo ni kuurudisha mstari huohuo nyuma badala ya mbele. Nimeuhesabu upya kwa nyakati rasmi za washindi 18 (kwa mwaka 2000 nimebakiza 10.75, ingawa aliyeukimbia muda huo alivuliwa medali baadaye), na unakuwa hivi:

```
muda = 11.91 - 0.0168 * (mwaka - 1928)
```

Kila mwaka unapunguza sekunde 0.0168, ambazo ni karibu sekunde 0.07 kwa kila Olimpiki. Sasa weka mwaka 1000. Mwanamke mwenye kasi kuliko wote wa zama hizo angetumia sekunde 27 na nusu kumaliza mita 100. Weka mwaka wa 1: angetumia zaidi ya sekunde 44, mwendo ambao mtu mwenye afya leo anaumudu kwa kukimbia polepole akiwa anaongea na mwenzake. Hakuna atakayekubali kwamba binadamu wa miaka 2,000 iliyopita walikuwa hivyo. R² ni ileile na mstari ni uleule. Ikiwa tunaukataa unapotazama nyuma, tunahitaji sababu maalumu ya kuuamini unapotazama mbele, na sababu hiyo haimo ndani ya R².

Kwenda mbele nako kuna kikomo chake. Gawanya 11.91 kwa 0.0168 na utapata takriban miaka 709. Mstari unagusa sifuri mwaka 2636, na baada ya hapo mshindi anafika kabla ya bastola kulia. Kenneth Rice aliuandikia Nature mwaka huohuo wa 2004 kukumbusha jambo hili. Baadhi ya watu waliichukua barua yake kama utani. Kwangu ni jaribio halali kabisa: kanuni inayotoa jibu lisilowezekana mwaka 2636 haikuanza kuharibika mwaka huo. Iliharibika mahali fulani kabla yake, na data hazituambii ni wapi.

"Walijaribu mikunjo mingine, na mstari ulionyooka ukatosha"

Huu ndio utetezi wenye nguvu kuliko yote, na ni kweli makala yenyewe ilisema hivyo: walijaribu njia nyingine za kulinganisha, na kuongeza vigezo hakukuboresha ulinganifu kwa kiwango cha maana. Nawaamini. Ila tuone kauli hiyo ina uzito gani.

Nimechora mkunjo mmoja wa kushindana na mstari wao. Unaanzia sekunde 12.0 mwaka 1928, unashuka haraka mwanzoni, kisha unapunguza mwendo na kuikaribia sekunde 10.6 bila kuivuka:

```
muda = 10.6 + 1.4 * exp(-0.025 * (mwaka - 1928))
```

Namba hizo tatu, 10.6, 1.4 na 0.025, nimezichagua kwa mkono, sikuzitafuta kwa kompyuta. Hata hivyo, ukichukua makosa ya mkunjo huu kwa washindi 18 wa 1928 hadi 2004, ukayapandisha kwa mraba na kuyajumlisha, unapata karibu 0.65. Ukifanya vivyo hivyo kwa mstari ulionyooka unapata karibu 0.71. Mkunjo umeukaribia zaidi ukweli, lakini kwa tofauti ndogo mno, na una kigezo kimoja cha ziada. Mtakwimu mwangalifu angesema, kama Tatem na wenzake walivyosema, kwamba kigezo hicho hakijajilipia.

Haya basi, tuvipeleke vyote viwili mwaka 2156. Mstari unasema sekunde 8.08. Mkunjo unasema 10.60. Tofauti ni sekunde mbili na nusu, katika mbio ambazo medali hugawanywa kwa mia za sekunde.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri zima. Ndani ya miaka 76 ya data, mstari na mkunjo vinakwenda bega kwa bega, vikipishana kwa sekunde 0.2 au pungufu, wakati nukta zenyewe zinaruka juu na chini kwa kiasi hicho hicho au zaidi. Data haziwezi kuvitofautisha. Kwa kuwa haziwezi, kusema "hatukupata ushahidi wa mkunjo" si sawa na kusema "tumepata ushahidi kwamba ni mstari". Mtu anayebaki ndani ya data haumizwi na uamuzi huo, maana vyote viwili vitampa jibu lilelile. Anayetoka nje anaegemeza jibu lake lote kwenye kitu ambacho data zimekataa kumwambia.

Simwombi msomaji auamini mkunjo wangu kuhusu 2156. Nauleta kama shahidi wa kupinga tu. Mtu yeyote anayeurefusha mstari na afanye zoezi hili kabla hajatangaza matokeo: atafute umbo jingine lenye akili linalolingana na data zake karibu sawasawa, alipeleke kulekule, aone majibu yanapishana kiasi gani. Zoezi linachukua dakika chache, na upishano huo utamweleza ukubwa wa ujinga wetu kuliko namba nyingine yoyote atakayoitoa kwenye programu.

"Utabiri wao wa 2008 ulitimia"

Kwa Olimpiki ya Beijing walitabiri 10.57 kwa wanawake, na ukingo wa 0.232 juu na chini, na 9.73 kwa wanaume, na ukingo wa 0.144. Shelly-Ann Fraser alishinda kwa 10.78. Usain Bolt alishinda kwa 9.69. Yote yamo ndani ya kingo, na watetezi hulitaja hili kwa fahari.

Lakini 2008 ni miaka minne tu nje ya data. Ukiwa umesimama hatua moja nje ya mlango, mstari na mkunjo bado vinakaribiana, kwa hiyo kufaulu hapo hakuthibitishi umbo. Jaribio la kweli linaanza unapoachana na data, na bahati nzuri sasa tuna Olimpiki tano za kuangalia. Mstari ulidai 10.50 mwaka 2012. Fraser-Pryce alishinda kwa 10.75. Ulidai 10.43 mwaka 2016. Elaine Thompson alikimbia 10.71. Kwa michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 ulidai 10.35. Thompson-Herah, akiwa katika kiwango cha juu kabisa cha maisha yake, alikimbia 10.61. Paris 2024 ulidai 10.30. Julien Alfred wa Saint Lucia alishinda kwa 10.72.

Tazama makosa yenyewe kwa mfuatano: 0.21, 0.25, 0.28, 0.26, 0.42. Yote yako upande mmoja. Kila mshindi alikuwa mzito kuliko mstari ulivyomtaka, na kosa la mwisho ni mara mbili ya la kwanza. Kama mstari ungekuwa sahihi na makosa yakawa ya bahati tu, tungetegemea baadhi yaanguke juu na mengine chini. Makosa yanapopanga foleni upande mmoja, umbo ndilo lenye kasoro.

Dalili, kwa kweli, zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Washindi wa 1996, 2000 na 2004, nukta tatu za mwisho kabisa, wote walikuwa tayari juu ya mstari, wa 2004 kwa sekunde 0.30. Aliyetazama mchoro wa mabaki, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari ukipangwa kwa miaka, angeona nukta za katikati, kuanzia 1960 hadi 1976, nyingi zimelala chini na za mwisho zimeanza kuinuka. Mabaki yanayoinuka mwishoni mwa data, upande uleule unaotaka kuurefusha mstari, ni onyo ambalo halifai kupuuzwa.

Kwa wanaume picha ina mchanganyiko zaidi, na ni haki kulisema. Bolt mwaka 2012 alikimbia 9.63, kasi kuliko mstari wao ulivyodai. Baada ya hapo mambo yamegeuka: 9.81, 9.80, na 9.79 ya Noah Lyles pale Paris, ambapo mstari ulitaka takriban 9.55.

"Shaka imehesabiwa, walitoa hadi kingo za asilimia 95"

Walitoa. Walisema mistari inaweza kukutana mapema kama 2064 au kwa kuchelewa kama 2788. Mtu akiona kipindi cha miaka zaidi ya 700 hudhani tahadhari zote zimechukuliwa.

Kingo hizo hupanuka kadiri unavyojitenga na katikati ya data. Katikati ya data za wanawake ni karibu 1969, na umbali wa mwaka unaoutabiri kutoka hapo unaingia kwenye hesabu ukiwa umepandishwa kwa mraba. Kwa mshindi mmoja wa kike, nikihesabu kwa data hizi 18, ukingo wa mwaka 2024 ni takriban nusu sekunde kila upande, na wa 2156 unakaribia sekunde nzima. Hesabu inajua kwamba mteremko wa mstari haukupimwa kikamilifu, na kosa dogo la mteremko huwa kubwa likisafiri mbali.

Lakini hiyo ndiyo shaka pekee inayohesabiwa. Upana huo wote unatolewa kwa sharti kwamba umbo ni mstari ulionyooka, jana, leo na karne mbili zijazo. Uwezekano wa mkunjo haumo hata chembe. Ongeza sekunde moja kwenye 8.08 na utapata 9.08, ilhali mkunjo wangu wa 10.60, uliolingana na data vizuri kuliko mstari, uko mbali nje ya ukingo huo. Na mstari wao wa katikati unagusa sifuri mwaka 2636, ndani kabisa ya kipindi kile cha 2064 hadi 2788. Kingo hazikutulinda na jambo lisilowezekana, kwa sababu hazikuulizwa swali hilo.

"Walisema: kama mwelekeo utaendelea"

Walisema, na wasomaji wengi wakairuka sentensi hiyo. Tuisimamishe basi, tuulize mwelekeo wenyewe ulitokana na nini.

Olimpiki ya 1928 ilikuwa ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana katika riadha. Betty Robinson alikuwa msichana wa miaka 16. Sekunde zake 12.2 zilipimwa katika uwanja ambao wanawake wachache sana wa dunia walikuwa wameruhusiwa kuukanyaga, tena kwa saa ya mkononi. Miaka iliyofuata nchi zaidi zilileta wanawake, mafunzo yakawa ya mwaka mzima, vibao vya kuanzia mbio vikaingia Olimpiki mwaka 1948, na Mexico 1968 wakimbiaji wakapata sakafu ya mpira badala ya njia ya vumbi. Wilma Rudolph alishinda Roma 1960 kwa 11.0 akisukumwa na upepo uliozidi kiwango kinachoruhusiwa kwa rekodi, na nukta yake bado imo ikiuvuta mstari chini. Mambo haya mengi hutokea mara moja. Ukishawaruhusu wanawake kushindana, huwezi kuwaruhusu kwa mara ya pili. Ukishaondoa vumbi, hakuna vumbi jingine la kuondoa. Mtoto wa miaka mitano mwenye urefu wa sentimita 110 anaweza kuongeza sentimita 6 kwa mwaka kwa miaka kadhaa mfululizo, na hakuna mzazi anayemnunulia kitanda cha zaidi ya mita tatu akitegemea atakavyokuwa akifika miaka 40. Anajua kinachomkuza na anajua kitakoma.

Tuangalie pia sekunde 8.08 zinadai nini mwilini. Ni mwendo wa wastani wa mita 12.4 kwa sekunde. Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya 9.58 pale Berlin mwaka 2009, kipande chake cha kasi kuliko vyote, kati ya mita 60 na 80, kilichukua sekunde 1.61, nayo ni mita 12.4 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, bingwa wa 2156 angepaswa kwenda kwa kasi ya juu kabisa ya Bolt kuanzia mlio wa bastola hadi utepe, bila kutumia muda wowote kuinuka kutoka kwenye vibao wala kuongeza mwendo. Mstari hauna habari na misuli, na anayeuchora ndiye mwenye wajibu wa kuzileta.

"Tusipotumia mstari, tutabirije?"

Tumia mstari. Ndani ya miaka ya data ni chombo kizuri, na kwa Olimpiki moja mbele unavumilika ukiweka kingo zake. Ninachokiomba ni vitu viwili viandikwe kando ya kila utabiri: thamani ndogo na kubwa ya kigezo iliyowahi kuonekana, na umbali ambao jibu limetoka nje yake. Ikiwa umbali huo ni mkubwa, anayetabiri alete sababu kutoka kwenye jambo lenyewe, iwe ni mwili, udongo, bei au dawa, ya kueleza kwa nini umbo halitabadilika. Asipokuwa nayo, aishie data zinapoishia.

Olimpiki ijayo ni Los Angeles 2028. Mstari wa mwaka 2004 unataka mwanamke ashinde kwa 10.23 na mwanamume kwa takriban 9.51. Rekodi ya dunia ya wanawake ni 10.49, na haijavunjwa tangu Florence Griffith-Joyner alipoiweka Indianapolis mwaka 1988. Ya wanaume ni ileile 9.58 ya Berlin.